Mstari wangu wa oda ya pili unapinda mwishoni: esta na kostiki, ukolezi tofauti. Kosa liko wapi?

#1 BintiKirumba

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi maabara hapa Mwanza, natayarisha jaribio la kasi ya mmenyuko kwa ajili ya wanafunzi. Nimechanganya kostiki na ethili asetati, ujazo sawa kwa sawa, hivyo mara tu baada ya kuchanganya kostiki ilikuwa milimoli 20 kwa lita na esta 10. Kila nilipofika muda niliopanga nilivuta mililita 10, nikazimwaga kwenye asidi haidrokloriki iliyozidi ili mmenyuko usimame, kisha nikatafuta kwa bureti asidi iliyobaki, kiashiria POP. Joto la beseni lilikuwa digrii 25.

Kwa kuwa ukolezi wa mwanzo ni tofauti, nilichora ln[(a−x)/(b−x)] dhidi ya muda. a ni kostiki ya mwanzo, b ni esta ya mwanzo, x ni kilichokwisha kuliwa. Haya ndiyo niliyopata:

```
t (dk)   a-x     b-x    ln[(a-x)/(b-x)]
0        20.0    10.0   0.693
5        15.9    5.9    0.991
10       13.9    3.9    1.271
15       12.7    2.7    1.548
20       12.0    2.0    1.792
30       11.3    1.3    2.162
45       10.8    0.8    2.603
```

Dakika 15 za mwanzo ukiweka rula unaona mstari. Baada ya hapo unalala kama mtumbwi uliopakiwa upande mmoja. Nimerudia hesabu mara tatu. Je, huu mmenyuko si wa oda ya pili, au mimi ndiye nimekosea?

#2 Ngosha_Igoma

Dada, umejitafutia kazi ngumu bure. Oda ya pili ni moja kwa ukolezi dhidi ya muda, basi. Chora 1/(a−x) upate mstari ulionyooka.

#3 BintiKirumba

@Ngosha_Igoma nilianza na hiyo. Kwa moli kwa lita inatoka 50, 62.9, 71.9, 78.7, 83.3, 88.5, 92.6. Inapinda vibaya kuliko ile ya kwanza.

#4 MzeeBureti

Na lazima ipinde. @Ngosha_Igoma umesema nusu ya ukweli. Grafu ya 1/(a−x) inanyooka pale tu vitu viwili vilipoanza na ukolezi sawa, maana hapo vinapungua pamoja hadi mwisho na kimoja kinamwakilisha mwenzake. Hapa esta itaisha kabisa na kostiki itabaki karibu nusu. Kostiki haiwezi kushuka chini ya 10 hivi, kwa hiyo 1/(a−x) haiwezi kupanda kupita 100 hata ukisubiri mwezi. Kitu chenye dari hakiwezi kuwa mstari unaopanda daima.

Binti, grafu uliyochagua ndiyo sahihi. Tuulizane kuhusu namba ulizoiwekea.

#5 Sengerema88

Shikamoo mwalimu. Mimi swali langu liko nyuma kidogo. Hiyo ln inatoka wapi? Sisi tuliambiwa tugawanye sehemu kwa sehemu halafu tufanye intigrali, nikakariri bila kuelewa.

#6 MzeeBureti

Marahaba mwanangu. Achana na kugawanya sehemu, kuna njia fupi ya kuiona.

Kila molekuli moja ya esta inakula molekuli moja ya kostiki. Kwa hiyo vyote vinapungua, lakini tofauti yao haibadiliki. Ilikuwa a−b mwanzoni, ni a−b dakika ya 20, ni a−b kesho asubuhi.

Sasa jiulize, kostiki inapungua kwa sehemu gani ya yenyewe kila dakika? Inategemea kuna esta kiasi gani, yaani k mara (b−x). Na esta je? Inapungua kwa sehemu ya k mara (a−x) kila dakika. Kasi ya kupungua kwa sehemu ndiyo mteremko wa ln. Basi ln ya kostiki inashuka kwa k(b−x), na ln ya esta inashuka kwa k(a−x). Toa moja kwa nyingine: x inajifuta, inabaki k(a−b), ambayo haibadiliki kamwe. Kitu chenye mteremko usiobadilika ni mstari ulionyooka.

```
ln[(a-x)/(b-x)] = ln(a/b) + k(a-b)t
```

Ukichora moja peke yake, mteremko unabadilika kila dakika kwa sababu mwenzake anabadilika. Ukichukua tofauti ya logi mbili, ule mpindo wa kila moja unafutwa na wa mwenzake.

#7 Sengerema88

Asante sana mwalimu. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia kwamba ni tofauti ya logi mbili tu. Basi ndiyo maana mimi nilipata k hasi! Niliweka (b−x) juu na (a−x) chini, mstari ukateremka, nikagawa kwa a−b.

#8 MzeeBureti

Ndiyo. Ukigeuza juu chini, gawa kwa b−a. Mstari kuteremka si kosa, k kuwa hasi ndilo kosa.

#9 MwanaUkerewe

Tumrudie dada. Mimi nasema ni joto. Mwanza mchana chumba kinafika digrii 28 au zaidi, yeye anasema beseni lilikuwa 25. Bila shaka aliweka barafu. Barafu ikiendelea kuyeyuka beseni linapoa, mmenyuko unapunguza mwendo, mstari unalala. Mimi yalishanipata kwenye jaribio la thiosalfati.

#10 BintiKirumba

Niliweka vipande vya barafu kweli, ila kipimajoto kilikuwa ndani muda wote. Kilicheza kati ya 24.5 na 25.5.

#11 MzeeBureti

Hoja ya joto ni ya haki lakini tuipime kwa namba. Mmenyuko huu ukipanda digrii 3, k inaongezeka kama asilimia 20. Kwenye jedwali, mteremko wa dakika 5 za mwanzo ni 0.060 kwa dakika, na wa kuanzia 30 hadi 45 ni 0.029. Umepungua nusu. Ili joto pekee lifanye hivyo beseni lingepoa zaidi ya digrii 10. Nusu digrii haiwezi.

#12 MamaSabuniBuhongwa

Samahani kuingilia. Naona mnaongelea kostiki, na mimi natengeneza sabuni ya miche, mafuta ya mawese na wakati mwingine mafuta ya sangara. Tatizo langu ni kwamba kostiki ikizidi kidogo sabuni inachoma mikono ya wateja. Hiyo kanuni yenu inaweza kuniambia nisubiri siku ngapi ili iishe?

#13 MzeeBureti

Mama, karibu. Kostiki iliyozidi ndiyo hiyo hiyo a−b tunayoizungumza, na kama umeiweka zaidi ya mafuta haiishi kwa kusubiri. Mafuta yakishakwisha haina cha kula. Itapungua polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwanza juu ya mche. Dawa ni kupima kabla: uzito wa mafuta, uzito wa kostiki, na kuacha mafuta yazidi kidogo.

Ila kanuni hii ya muda usiitumie kwenye sufuria yako. Inataka vitu viwili viwe vimeyeyuka pamoja kwenye maji yale yale, kila molekuli iweze kumkuta mwenzake. Mafuta na maji ya kostiki ni tabaka mbili, wanakutana mpakani tu. Ndiyo maana mwanzo mchanganyiko wako unakuwa mvivu, halafu sabuni ya kwanza ikishatokea inavunja mafuta kuwa matone madogo na kazi inakimbia ghafla.

#14 MamaSabuniBuhongwa

Ni kweli kabisa, unakoroga weee hakuna kitu, halafu mara moja uji unakuwa mzito. Asante mwalimu. Basi nitapima kwa mizani, nilikuwa natumia kikombe.

#15 Mhandisi_Nyegezi

Mimi nina maoni tofauti kuhusu mpangilio wenyewe. Kwa nini ujisumbue na 20 kwa 10? Weka kostiki mara kumi ya esta. Kostiki haitabadilika sana, mmenyuko utaonekana kama wa oda ya kwanza, unachora ln ya esta peke yake na mteremko unakuwa k mara a. Hesabu rahisi, mstari mzuri.

#16 MzeeBureti

Kwa nadharia uko sawa mhandisi. Kwa bureti, hapana. Dada hapimi esta, anapima kostiki. Ukiweka kostiki 100 na esta 10, kostiki inashuka kutoka 100 hadi 90 na basi. Jaribio zima liko ndani ya asilimia 10 ya usomaji wako, na esta unaipata kwa kutoa namba kubwa mbili zinazokaribiana. Tena mmenyuko utakuwa umekwisha kabla hujajaza pipeti mara tatu.

Na watu wanaojaribu njia hiyo kwenye 2 kwa 1 wanadanganyika. Kwa mchanganyiko kama huu, mteremko wa ln ya esta unaanza na k mara 20 na kuishia na k mara 10, kwa sababu mwishoni kostiki iliyobaki ni a−b tu. Ukichora sehemu ya mwisho pekee inanyooka vizuri sana, na ukigawa kwa 20 ukidhani ndiyo kostiki yako, unapata nusu ya k.

#17 Mhandisi_Nyegezi

Kwa bureti nakubali. Kwa kipima upitishaji umeme sikubali, hapo njia yangu inafanya kazi. Lakini kama maabara haina, sawa.

#18 Ngosha_Igoma

Mimi nilielewa kwa njia ya mwaloni. Asubuhi pale Kirumba wachuuzi 20, ndoo za dagaa 10. Mwanzo biashara inakwenda haraka, kila mtu anakutana na mtu. Ndoo zikibaki mbili, wachuuzi bado 12 wanazizunguka. Mwisho wachuuzi 10 wanarudi mikono mitupu. Hao 10 ndio a−b.

#19 MwanaUkerewe

Ngosha kwa dagaa humuwezi 😄 Ila mfano umekaa. Umekosea kimoja: ndoo ikibaki moja mwaloni bei inapanda na watu wanakimbilia. Molekuli hazijui kwamba mwenzake anakwisha.

#20 MzeeBureti

Mfano wa Ngosha unatufikisha kwenye jibu la dada. Je, kama ndoo hazikuwa 10? Kama zilikuwa 9 na kidogo, wachuuzi watakaobaki ni zaidi ya 10.

Binti, safu yako ya b−x hukuipima. Umeipata kwa kutoa 10.0 kutoka kwenye a−x, ukiamini tofauti ni 10 kamili. Mwanzoni ukikosea 0.5 ndani ya 5.9 si kitu. Dakika ya 45 ukikosea 0.5 ndani ya 0.8, hapo hesabu imeharibika. Ndiyo maana mpindo unatokea mwishoni na si mwanzoni.

Na upande wa mpindo una habari. Kama tofauti halisi ni kubwa kuliko uliyodhani, b−x yako haifiki sifuri kamwe, inakwama, na mstari unalala. Kama tofauti halisi ni ndogo, b−x inafika sifuri mapema, mstari unaruka juu, kisha unapata namba hasi ambayo ln haikubali. Wako umelala.

Una chupa iliyobaki ya mchanganyiko? Ifunge kizibo kikali, iache hadi kesho, upime. Esta yote itakuwa imekwisha na utasoma a−b moja kwa moja, bila kudhani chochote.

#21 BintiKirumba

Ninayo, nilikuwa sijaimwaga. Kesho nitaleta jibu.

#22 Mhandisi_Nyegezi

Ngoja kidogo. Vipi kama esta haiishi? Esta na maji hufika mahali pa ulinganifu ambapo mmenyuko unarudi nyuma. Labda mpindo ni huo.

#23 MzeeBureti

Hiyo ni kwa asidi, mhandisi. Kwenye asidi esta hurudi kweli. Kwenye kostiki, asidi ya siki inayotokea inageuzwa kuwa asetati hapo hapo, na asetati haimrudii pombe ikafanya esta. Kwa kazi yetu inakwenda upande mmoja.

#24 BintiKirumba

Wakuu, nimepima leo asubuhi mara mbili. Zote 10.6. Si 10.0.

Nikarudia hesabu nikitoa 10.6:

```
t (dk)   a-x     b-x    ln
5        15.9    5.3    1.099
10       13.9    3.3    1.438
15       12.7    2.1    1.800
20       12.0    1.4    2.148
30       11.3    0.7    2.781
45       10.8    0.2    3.989
```

Kuanzia 5 hadi 30 umenyooka! Mteremko 0.0673 kwa dakika. Nikigawa kwa 0.0106 napata k kama 6.3 lita kwa moli kwa dakika. Sijui kama ni sahihi, na nukta ya 45 imeruka juu ya mstari.

#25 MzeeBureti

Ni sahihi. Kwa sekunde hiyo ni kama 0.106, na kwa digrii 25 ethili asetati na kostiki hutoa karibu 0.11. Hongera.

Nukta ya 45 usiilazimishe. Esta yako hapo ni 0.2, na bureti yako inakuruhusu kusema 10.8 ukimaanisha chochote kati ya 10.75 na 10.85. Basi esta inaweza kuwa 0.15 au 0.25, na ln inacheza kutoka 3.77 hadi 4.27. Mstari wako unatabiri 3.79. Imo ndani ya wigo. Kwenye grafu hii nukta za mwisho ndizo zinazokaa mbali kabisa na kuvuta rula, na ndizo zisizoaminika. Esta ikishafika moja ya kumi ya mwanzo, acha kuchora.

#26 Sengerema88

Kwa hiyo esta ilikuwa 9.4 badala ya 10?

#27 MwanaUkerewe

Au kostiki ilikuwa 20.6! Tofauti ni ile ile. Na kuna jambo la tatu, kostiki ikikaa inavuta hewa ya ukaa.

#28 MzeeBureti

Hewa ya ukaa inapunguza kostiki, haiongezi. Ingekuwa hiyo, usomaji wa leo ungekuwa chini ya 10. Hiyo naitoa.

Lakini swali lako la kwanza ni zuri kuliko unavyodhani. Kwa k haijalishi nani mkosaji, kwa sababu k ni mteremko gawanya kwa tofauti, na tofauti tumeipima. Kinachoweza kumtaja mkosaji ni pale mstari unapokata mhimili wima, ambapo panapaswa kuwa ln(a/b). Esta ikiwa 9.4 na kostiki 20, panakuwa 0.755. Kostiki ikiwa 20.6 na esta 10, panakuwa 0.723. Binti, wako unakata wapi?

#29 BintiKirumba

Nikirudisha nyuma kutoka dakika ya 5 napata 0.76.

#30 Mhandisi_Nyegezi

Basi esta. Imekwisha.

#31 MzeeBureti

Pole pole. Tofauti kati ya 0.755 na 0.723 ni 0.03 tu. Akichelewa kuanzisha saa kwa sekunde 30, mstari wote unapanda kwa 0.03 hiyo hiyo. Na pipeti ya mililita 10 huchukua muda kumwaga, kila mtu anaanza kuhesabu mahali pake. Mimi naelemea esta, lakini grafu hii peke yake haitoshi kumhukumu.

Uliipimaje esta, binti?

#32 BintiKirumba

Nilivuta mililita 0.98 kwa pipeti ya mililita 1, nikaweka kwenye chupa ya mililita 500 na kujaza maji. Kostiki niliihakiki kwa asidi oksaliki Jumatatu, jaribio likafanyika Alhamisi.

#33 MzeeBureti

Mililita 0.06 zikibaki ukutani mwa pipeti au zikipaa, tayari umepoteza asilimia 6. Ethili asetati inapaa haraka, harufu unayoisikia unapovuta ndiyo hiyo inayoondoka. Mara nyingine weka maji kiasi kwenye chupa kwanza, ipime kwenye mizani ikiwa na kizibo, dondosha esta ndani ya maji, funga, pima tena. Unahitaji gramu 0.88. Na itumie siku hiyo hiyo.

#34 MwanaUkerewe

Mimi bado nasema ahakiki kostiki upya. Tangu Jumatatu hadi Alhamisi, chupa ikikaa wazi kwenye joto hili maji yanapungua na kostiki inakolea. Sisemi hewa ya ukaa tena, nasema maji.

#35 MzeeBureti

Asilimia 3 kwa siku tatu ni nyingi kwa chupa yenye kizibo. Kwa chupa iliyo wazi sibishi.

#36 BintiKirumba

Ilikuwa na kizibo, lakini kizibo hakibani sawasawa. Jumatatu nitafanya vyote viwili: kostiki naihakiki asubuhi ile ile, esta kwa mizani. Na chupa ya usomaji wa mwisho naitenga tangu mwanzo, siyo hadi nikumbushwe.

#37 Ngosha_Igoma

Ukimaliza lete jedwali, na mimi nitachora. Safari hii siyo 1/(a−x).